Dari ya chumba cha mita 3 kwa 3.6: ununue bodi gani, mbao ngapi na misumari kiasi gani

Wengi hupima sakafu, wanazidisha, wanagawa kwa eneo la bodi, basi wanaenda dukani. Mimi nilifanya hivyo sebuleni kwangu, nikajikuta na vipande vya kutosha kujengea banda la kuku huku bodi zenyewe zimepungua mbili. Eneo halikuambii kipande kitakatwa wapi. Chora kwanza.

Tuchukue chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.6, kilichopimwa baada ya plasta. Pima kuta zote nne, maana ni nadra zile zinazotazamana zikalingana.

Namba moja kwangu ni jipsamu ya milimita 9, bodi ya mita 1.2 kwa 2.4, mradi paa halivuji. Laza bodi zifuate upande wa 3.6. Mstari wa kwanza unachukua bodi nzima na nusu, wa pili vilevile, hivyo bodi tatu zimefunika upana wa mita 2.4. Zimebaki sentimita 60. Bodi ya nne unaipasua katikati kwa urefu: kipande kimoja kizima, na cha pili unakikata mita 1.2. Bodi nne zimetosha, na kimebaki kipande cha sentimita 60 kwa 120. Nunua ya tano kama fundi wako hana mkono mwepesi, kwa sababu kona za jipsamu humeguka hata kwenye bajaji.

Namba mbili ni pivisi. Hii ndiyo ninayoiweka juu ya jipsamu bafuni, jikoni, na popote bati linapodondosha maji, kwa kuwa jipsamu ikilowa hufanya madoa, hulegea na mwisho hushuka. Ila angalia urefu wake. Nyingi zina mita 5.9 hivi na upana wa sentimita 25. Ukizilaza kufuata 3.6 unahitaji 12, na kila moja inakuachia kipande cha mita 2.3 kisicho na kazi. Ukizilaza kufuata mita 3, moja haitoi vipande viwili, inapungua sentimita 10 tu! Lakini chumba kikiwa 2.9 baada ya plasta, kila moja inatoa viwili na unanunua 8 badala ya 12. Ndiyo maana nasema pima baada ya plasta.

Plaiwudi na hadibodi nazipa nafasi ya mwisho. Maungio yake lazima yafunikwe kwa ripu, yaani vibao vyembamba, na mchwa anazipenda.

Sasa blandaring ya ile jipsamu, yaani fremu ya mbao inayobeba bodi. Tumia mbao za inchi 2 kwa 2 zilizotiwa dawa, za futi 12, yaani mita 3.66. Mbili zinapigwa ukutani kwenye pande za 3.6. Kumi zinakwenda kutoka ukuta hadi ukuta, kila sentimita 40, ili maungio ya bodi kwenye 120 na 240 yaangukie katikati ya mbao. Kila moja inakatwa mita 2.9, ikae kati ya zile mbili za ukutani, na kubakiza sentimita 76, ambazo zinatoa vipande viwili vya 35. Unahitaji vipande 18 vya kukatiza juu ya kingo za bodi, na hapo unavyo 20. Mbao 12 zimekwisha kazi.

Kwa kuning'iniza, tuseme boriti mbili za kenchi zinakatiza juu ya mbao hizo. Mbao nane za katikati, kila moja ikishikwa kila inapopita boriti, ni vining'inio 16 vya sentimita 30. Ongeza mbao mbili. Jumla 14. Kama boriti zinakwenda sambamba na blandaring, hakuna cha kuning'inizia, na itabidi kwanza utandike mbao za 2 kwa 4 juu.

Dukani shika mbao, funga jicho moja, utazame ukingo wake toka ncha hadi ncha. Iliyopinda irudishe. Iliyo nzito na ya baridi mkononi bado ni mbichi: ikikauka juu itajipinda, na ufa utaonekana kwenye maungio uliyoyapaka vizuri.

Misumari: inchi 4 kwa vining'inio, miwili juu na miwili chini, ni 64, kilo moja inatosha. Inchi 3 kwa vipande vya kukatiza na ncha za blandaring, kama mia moja, kilo moja pia. Ukutani tumia misumari ya zege ya inchi 4, kama 40. Ya inchi 3 ikishapita mbao inabaki kwenye plasta tu na haishiki tofali.

Bodi zenyewe usizipige misumari. Nunua skrubu nyeusi za inchi moja na robo, kama 200. Msumari laini hushuka kidogo kidogo kwa uzito wa bodi, na utaujua kwa vichwa vinavyotokeza vidoadoa kwenye rangi. Skrubu nayo isizamishwe hadi ikapasua karatasi. Ikishapasua, haishiki kitu, piga nyingine pembeni yake.