SSD ya nje kwa gemu: kasha zuri, waya wa hovyo

Haya wadau, karibuni. Mezani leo kuna kasha la USB la kuwekea SSD ya SATA, aina ile utakayoikuta hata madukani hapa Tanga mjini. Umbo lake mnaliona wenyewe, silisemei. Kinachonikera ni huu waya uliomo kwenye boksi, na leo tutaukagua vizuri.

Tazama kioo. Gemu iko kwenye SSD, nimechomeka tundu la USB 3.0. Nafungua Task Manager, naenda Performance, nachagua diski ya nje. Sasa naingia kwenye gemu. Unaiona Read speed? Inachezea megabaiti 40 kwa sekunde, haipandi ng'o, na Active time imegota asilimia 100. Ukiona SSD imekwama kwenye 40 hivi, jua inaenda kwa USB 2.0. Waya huu wa Type-C umetengenezwa kwa kuchajia: ndani una nyaya za data za USB 2.0 peke yake. Laptopu na kasha vimeshuka mwendo, na Windows imenyamaza kimya!

Nabadilisha waya tu, tundu lile lile. Ona sasa, inagusa 400. Chukua gemu inayosoma gigabaiti 4 kufungua ramani: kwa 40 ni sekunde 100, kwa 400 ni 10. Kiuhalisia itazidi 10 kidogo, kwa sababu prosesa nayo ina kazi ya kufumua mafaili.

Na kule kuganda ukiwa unaendesha gari kwenye gemu ya ramani kubwa? Gemu inavuta majengo na barabara za mbele huku unacheza. Data ikichelewa, picha inasimama kidogo halafu inaruka. Angalia: kama inaganda pale pale Active time inapofika 100, mchawi ni diski au waya. Kama inasuasua hata umesimama na diski imetulia, hapo angalia kadi ya picha au prosesa. Waya mpya ukiwa bado hujaupata, shusha Texture quality, mzigo wa kusoma unapungua.

Mtaniuliza, mbona HDD ya nje ni rahisi na ina nafasi kubwa? Ni kweli, kuhifadhia ni nzuri sana. Lakini hata kwenye USB 3.0 nyingi huishia kwenye 130 hivi, na ikisoma vipande vidogo vilivyotawanyika inaweza kushuka hadi megabaiti 1 au 2, kwa sababu kichwa chake lazima kihame huku na huku. Hapo waya hauokoi kitu. Wenye PS5, gemu za PS4 mtacheza kutoka USB, ila za PS5 zenyewe utaziweka tu, kuzicheza haikubali.

Kwa hiyo kasha nalipitisha, waya siupitishi. Dukani uliza waya ulioandikwa 5Gbps au 10Gbps, na hiyo bei ijumlishe kabisa kwenye bei ya kasha. Video ijayo ni makasha ya NVMe, bonyezeni kengele.