Ufupisho: kupiga mstari au kufunika kifungu?

Chukua kifungu hiki, kifupishwe kwa sentensi mbili: "Nyuki huchavusha mimea mingi. Hutembelea maboga, matikiti na alizeti wakitafuta mbochi. Dawa ikipuliziwa mchana, maua yakiwa wazi, nyuki hufa. Kwa hiyo mkulima apulizie jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani."

Anayepiga mstari chini ya hoja kuu hufuta mifano na kubakiza: "Nyuki huchavusha mimea, lakini dawa ikipuliziwa mchana, maua yakiwa wazi, huwaua. Kwa hiyo mkulima apulizie jioni." Ni haraka, na hoja haipotei. Tatizo huja kifungu kinapokuwa kirefu: sentensi sita huunganishwa kwa "na" ili zihesabiwe mbili, na "hao" hubaki wakati jina walilorejelea limeshafutwa. Usome ufupisho wako peke yake. Ukilazimika kurudi kwenye kifungu kuuelewa, bado haujakamilika.

Anayesoma mara mbili, akafunika kifungu na kuandika, hupata: "Mkulima apulizie dawa jioni ili asiwaue nyuki wanaochavusha mimea yake." Sentensi moja tu, na sababu imeungana na ushauri! Kwa mtiririko, njia hii inashinda wazi. Lakini kumbukumbu huongeza yake, kwa mfano asali, ambayo kifungu hakikuitaja, au huangusha sharti la maua kuwa wazi. Lazima urudi kulinganisha, na hilo linakula muda.

Dakika zikiwa chache na kifungu kimejaa masharti, piga mstari. Kikiwa na mifano mingi na hoja chache, funika.