Uzoefu wangu na akili mnemba ya kugeuza picha kuwa video: mwendo wa kamera naupata, sura ndizo kazi

Nina studio ndogo ya picha na video Tanga, na kwa muda sasa nalipia huduma moja ya mtandaoni inayochukua picha mnato na kuipa mwendo kwa akili mnemba. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema yanazihusu karibu zote za aina hiyo. Kwa mandhari, majengo, vyakula na vyombo vya baharini, hela yangu inarudi. Kwa sura za watu, hasa watu waliopigwa kwa mbali, huduma ile ile itakupa mtu usiyemjua kama hukuiandalia picha vizuri. Nitaeleza kwa kazi moja niliyoifanya, maana ndiyo iliyonipa utaratibu ninaoutumia mpaka leo.

Bwana mmoja aliniletea picha ya wazazi wake ya mwaka 1976, kwa ajili ya sherehe ya miaka 50 ya ndoa yao. Ni picha ya kuoshwa, sentimita 10 kwa 15, imelala. Watu wanane wamesimama mbele ya nyumba. Baba kavaa kanzu na kofia ya mkono, mama kajitanda kanga, wote wawili katikati, na pembeni ndugu na watoto. Alichotaka ni kamera ianze kwa wote, isogee polepole hadi kwa wazee, na wazee waonekane wako hai kidogo, upepo ukigusa kanga.

Jaribio la kwanza ni lile analolifanya kila mtu: unapakia picha nzima, unaandika kamera isogee mbele, unasubiri. Mwendo ulitoka mzuri, laini kama kamera iko kwenye reli. Lakini kadiri kamera ilivyokaribia, uso wa mama ulinenepa, macho yakapanuka, na mwisho wa sekunde tano alikuwa mwanamke mwingine, mzuri tu, ila si yeye. Mteja alitazama mara moja akaniuliza, "Kaka, huyu mama wa nani?" Maandishi ya kanga nayo yalikuwa yameyeyuka yakawa mikunjo isiyosomeka, na nakshi za kofia zilikuwa zinatembea zenyewe kichwani kwa mzee.

Sababu yake si uchawi. Modeli, yaani programu za akili mnemba zinazoendesha huduma hizi, hazifanyi kazi kwenye pikseli moja moja. Kwanza zinaibana picha. Kwenye Wan 2.1, modeli ya Alibaba iliyotolewa wazi mwaka 2025, picha hubanwa mara 8 kwa upana na mara 8 kwa kimo, na fremu nne za video hubanwa kuwa moja. Sasa chukua rula. Kichwa cha mama kwenye picha ile ni kama milimita 9. Picha nzima yenye upana wa sentimita 15 ikishushwa hadi pikseli 1280, kichwa kile kinabaki na pikseli kama 77. Zibane mara 8, unabaki na visanduku kumi hivi kutoka kidevuni hadi utosini, na ndani ya hivyo macho mawili, pua na mdomo vinatakiwa vikae. Haiwezekani. Kamera inaposogea, uso unatakiwa kuwa mkubwa na wenye maelezo ambayo hayakuwemo, kwa hiyo modeli inajaza kwa sura inazozijua. Hapo ndipo mama wa mtu anapogeuka mgeni.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye skana. Niliiskani ile picha kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, ikatoka na upana wa pikseli 3543. Kwa kipimo hicho kichwa cha mama kina pikseli 213. Zimo ndani ya karatasi siku zote, ila ukipakia picha nzima huduma inaishusha na kuzitupa.

Baada ya hapo sikumwachia modeli mwendo wote. Sehemu pana, ya watu wote wanane, niliifanya kwenye programu ya kawaida ya kuhariri video: picha ile ile mnato, nimeweka alama ya mwanzo ikionyesha upana wote, na alama ya mwisho kwenye mkato wa pikseli 1920 kwa 1080 uliowazunguka wazee. Hakuna akili mnemba hapo, ni ukuzaji tu, na hakuna sura itakayoharibika kwa sababu hakuna kinachobuniwa. Watu wengi wanadharau njia hii kwa sababu ni ya zamani. Mimi naona mtu akiwa mdogo kwenye fremu, hakuna atakayejua kama anapumua au hapumui, basi kuna haja gani ya kumchezea uso?

Akili mnemba niliiingiza pale mkato wa 1920 unapoishia. Huduma ninayoitumia, kama nyingi siku hizi, inakubali picha mbili: ya kuanzia na ya kumalizia. Wengi huacha nafasi ya pili wazi, wakaandika maneno mengi ya kuielekeza kamera. Mimi naona nafasi hiyo ya pili ndiyo usukani wenyewe. Picha ya kuanzia ilikuwa mkato wa 1920 kwa 1080. Ya kumalizia ilikuwa mkato mwingine kutoka skani ile ile, 1280 kwa 720, wenye kitovu kile kile. Hapo kamera haina pa kupotelea, kwa sababu umeshaiambia itoke wapi na ifike wapi, kwa kipimo. Na kubwa zaidi, uso wa kweli wa mama unasubiri mwishoni, tena ukiwa na pikseli zake zote 213. Modeli ikipotoka kidogo katikati, inalazimika kurudi kwake.

Uwiano kati ya mikato hiyo miwili ni moja na nusu, na kwa klipu ya sekunde tano sivuki hapo. Nilipojaribu kuruka moja kwa moja kutoka picha nzima hadi mkato wa mwisho, karibu mara tatu, modeli haikusogeza kamera. Iliyeyusha picha ya kwanza kuwa ya pili, na katikati sura zilipita kwenye ukungu. Pia hakikisha mikato yote miwili ina umbo moja, 16 kwa 9, la sivyo huduma itakata au kuvuta picha mojawapo na watu watarefuka.

Maelekezo niliyoandika yalikuwa haya tu, kwa Kiingereza kwa sababu huduma hii inakielewa zaidi:

```
Slow, steady push in. The couple stands still,
breathing gently, lips closed.
Her kanga moves slightly in the breeze.
```

Sikueleza nyumba, mavazi wala umri wa watu, maana picha inavionyesha tayari. Ukiyaandika unaikaribisha modeli ivichore upya. Sikuandika pia kwamba kamera isitikisike. Kukanusha hakusaidii sana kwenye modeli hizi, ni bora useme unachokitaka. Na hayo maneno ya midomo kufungwa yamekaa pale makusudi. Picha za zamani watu hawakuchekea kamera, na modeli hizi zinapenda sana kumchekesha mtu. Akicheka yanatoka meno, na meno hayo hayamo kwenye picha yako, yatakuwa ya kubuni. Mtoto wa mtu anayajua meno ya mama yake.

Kwenye mipangilio, kiasi cha mwendo nilikiweka chini. Kukiwa juu modeli inatafuta kazi ya kufanya, na kazi iliyo karibu ni kugeuza kichwa. Kichwa kikigeuka shavu la pili linaonekana, ambalo kwenye picha halipo. Kwa sababu hiyo hiyo, mteja akiniomba kamera imzunguke mtu kutoka picha moja, namkatalia. Kuzunguka gari au jengo unaweza kudanganya, mtazamaji hajui nyuma yake pakoje. Sikio la baba yake analijua.

Kukagua kuna namna yake pia. Kwa kasi ya kawaida karibu kila klipu inapendeza, hasa kwenye simu. Mimi naiweka kwenye kompyuta, napitisha fremu moja moja, nikitazama sehemu tatu: macho kabla na baada ya kupepesa, ukingo wa mdomo, na vidole. Kupepesa ndiko kunakoficha mambo. Jicho likifunga linafunguka likiwa na umbo jingine, na kuanzia hapo hadi mwisho mtu amebadilika. Kisha naiweka fremu ya katikati juu ya mkato wa skani, nawasha na kuzima safu ya juu. Pua ikiruka, klipu hiyo naitupa.

Kofia na kanga zilibaki na matatizo. Nakshi za kofia ziliendelea kuchezacheza kidogo, kwa hiyo niliikata kofia kutoka kwenye skani, nikaiweka juu ya ile ya video na kuikuza kwa kasi ile ile ya kamera. Mzee alikuwa ametulia, ikakaa. Maandishi ya kanga yalikuwa pindoni, chini kidogo, nikaupandisha mkato yakatoka nje ya fremu. Huenda hilo ni kukwepa, lakini maandishi yanayotembea kwenye nguo sijaona modeli inayoyashika vizuri.

Kuunganisha sehemu mbili kulitaka subira kuliko nilivyodhani. Kasi ya ukuzaji wa kawaida lazima ifanane na ile ya klipu pale zinapokutana, la sivyo mtazamaji anahisi mshtuko. Klipu ilitoka pia na rangi zilizokolea kuliko skani, na chembechembe za picha ya zamani zimesafishwa, nyuso zikang'aa kama plastiki. Nilishusha rangi, nikarudisha chembechembe kwenye programu ya kuhariri, nikaweka mpito mfupi wa fremu chache. Familia iliomba pia mjomba mmoja aliyesimama pembeni, ambaye sasa ni marehemu, asitikiswe kabisa. Kwa mpangilio huu haikuwa shida, alikuwa kwenye ile sehemu pana tu, ambayo ni picha tupu.

Kwa gharama, jua kwamba unalipia kila klipu unayoitengeneza, iharibike isiharibike. Kwa hiyo najaribu kwanza kwa ubora wa chini kuangalia mwendo tu, na nyuso sizihukumu hapo, maana kwa pikseli chache lazima zitakuwa mbovu. Mwendo ukikubalika ndipo natoa kwa ubora wa juu.

Siku hizi mteja akinipigia simu namwambia alete karatasi yenyewe, si picha aliyoipiga kwa simu na kunirushia WhatsApp, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa. Kama yuko mbali, aiskani huko huko kwa dpi 600 na kunitumia kama dokumenti. Na kama kichwa kwenye karatasi ni kidogo kuliko milimita 5, namwambia mapema kwamba hiyo nitaisogezea kamera tu, watu wake sitawagusa.