Honi za msikitini na kanisani: nunua transfoma kwa ohm, si kwa wati

Barua ninazopokea kuhusu honi zinafanana mno. Kamati ya msikiti au ya kanisa imechangisha fedha, imenunua amplifaya ya wati 120 na honi nne za wati 30, fundi amezifunga mnarani, na baada ya majuma machache amplifaya imeungua au inajizima kila sauti inapopandishwa. Kwa kuwa hesabu ya wati ilitimia, lawama huangukia umeme wa mtaani au fundi. Ninapouliza zaidi, mara nyingi kosa huonekana limo katika kifaa ambacho hakuna aliyekitazama dukani, nacho ni transfoma ndogo iliyofungwa nyuma ya honi. Mwongozo huu unaihusu transfoma hiyo. Ukubwa wa honi, uimara wa bati lake na ukali wa sauti ni mambo ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuyapima mwenyewe.

Amplifaya ya laini ya volti 100 husafirisha sauti kwa volti nyingi na ampea chache ili nguvu isipotee njiani. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba unaokwenda mita 100 hadi mnarani una ukinzani wa takriban ohm 3.4 ukihesabu kwenda na kurudi. Honi nne zenye yuniti za ohm 16, yaani vile viini vya nyuma ya honi vinavyotoa sauti, zikiunganishwa sambamba bila transfoma, huwa ohm 4 kwa jumla, na hapo karibu nusu ya nguvu huishia kuupasha moto waya. Zikipitia transfoma zinazofaa, amplifaya huziona kuwa ohm 83, na waya huohuo hula takriban asilimia 4 tu.

Neno «huziona» ndilo kiini cha ununuzi huu. Honi ya wati 30 kwenye laini ya volti 100 inapaswa kuvuta ampea 0.3, yaani ionekane kuwa na impedansi, ule ukinzani wake kwa mkondo geu, ya ohm 333. Yuniti iliyomo ndani yake ina ohm 16, kwa hiyo ohm hizo zinatakiwa zikuzwe karibu mara 21. Transfoma haihitaji uwiano wa mizunguko wa 21 kwa 1 kuifanya kazi hiyo; uwiano wa 4.56 kwa 1 unatosha. Mizunguko ya upande wa laini ikiwa mara 4.56 ya ile ya upande wa yuniti, volti hushuka mara 4.56, na kwa kuwa transfoma kamilifu haili nguvu yoyote, ampea za upande wa yuniti hupanda mara 4.56. Ohm ni volti zikigawanywa kwa ampea, basi badiliko moja huzidishwa na jingine, na ohm za yuniti huakisiwa kwenye laini zikiwa zimezidishwa kwa kipeo cha pili cha uwiano: 4.56 mara 4.56 ni takriban 20.8, na 20.8 mara 16 ni 333.

Ohm 333 hizo si mali ya transfoma. Ni ohm za yuniti zikionekana kupitia uwiano, na hapa ndipo kasoro ninayoipigia kelele inapojificha. Yuniti ya ohm 16 inapokufa, dukani mara nyingi hupatikana ya ohm 8 yenye skrubu zilezile na wati zilezile kwenye karatasi yake. Ukiifunga, transfoma ileile sasa huakisi ohm 166, na honi ya wati 30 inaidai amplifaya wati 60. Ukizifanyia hivyo honi zote nne, laini inashuka kutoka ohm 83 hadi 42, na amplifaya ya wati 120 inadaiwa wati 240. Kwa sauti ya chini hakuna dalili yoyote. Sauti ikipandishwa huanza kukwaruza, amplifaya inapata moto kupita kiasi, kisha fyuzi au transista za kutolea sauti zinakwenda. Wakati huo wote maandishi ya nyuma ya honi bado yanasema wati 30.

Wauzaji wengi, ukiwauliza kuhusu ohm, huchukua mita, huigusisha kwenye nyaya za laini, na kukuonyesha ohm makumi machache. Wengine hutumia kipimo hicho kuthibitisha kwamba transfoma ni nzima, na wengine hukwambia kwamba hizo ndizo ohm zake. Kipimo hicho hakikwambii lolote kuhusu uwiano. Mita ikiwa kwenye ohm hutumia betri yake, na umeme wa betri ni mkondo mnyoofu. Michael Faraday alipozungushia koili mbili kwenye pete moja ya chuma mwaka 1831, sindano iliyokuwa kwenye koili ya pili iliruka alipounganisha betri, ikarudi kutulia ingawa mkondo uliendelea kupita, kisha ikaruka tena alipoitenganisha. Koili ya pili hupata volti pale tu uga sumaku ndani ya chuma unapobadilika, na mkondo usiobadilika haubadilishi uga. Kwa hiyo mita inapokuwa imetulia, yuniti iliyo upande wa pili ni kama haipo. Kinachosomwa ni urefu na wembamba wa waya wa koili ya kwanza peke yake. Mita itakuonyesha kama waya umekatika, na hilo lina faida yake, lakini transfoma iliyofungwa yuniti ya ohm 16 na ile iliyofungwa ya ohm 8 zitatoa kipimo kilekile.

Kipimo cha kweli hufanywa kwa mkondo geu. Chukua transfoma ya kushushia umeme inayotoa volti 12 za mkondo geu, kama ile iliyomo ndani ya redio nyingi za zamani, na uchukue umeme wake kabla haujafika kwenye dayodi. Adapta nyingi za siku hizi hutoa mkondo mnyoofu na hazifai kwa kazi hii. Usiguse umeme wa nyumba moja kwa moja, na weka fyuzi ndogo. Tenganisha yuniti na transfoma ya honi, peleka volti hizo 12 kwenye nyaya za laini katika nafasi ya wati 30, yaani ncha ya transfoma iliyoandikwa wati hizo, kisha pima volti upande wa yuniti mita ikiwa kwenye volti za mkondo geu. Ukipata karibu volti 2.6, uwiano ni 4.56 na transfoma imetengenezwa kwa yuniti ya ohm 16. Ukipata karibu volti 1.9, uwiano ni kama 6.4 na inataka yuniti ya ohm 8. Halafu ipime yuniti yenyewe kwa ohm za kawaida, kwani yenyewe ni koili moja: ya ohm 16 husoma pungufu kidogo ya 16, na ya ohm 8 husoma 6 au 7. Mambo hayo mawili yakikubaliana, honi iko salama. Ukitaka kuona kwa macho jambo lililomshangaza Faraday, weka betri mahali pa volti 12 za mkondo geu kwa sekunde moja tu: mita ya sindano, ikiwa kwenye volti za mkondo mnyoofu upande wa yuniti, itaruka mara moja na kurudi sifuri.

Sasa nije kwenye upangaji wangu. Nafasi ya kwanza naipa TOA ya Japani bila kusitasita, hasa honi zake zenye transfoma ndani kama SC-630M. Upendeleo wangu una sababu moja: kampuni hii huandika ohm pamoja na wati kwa kila nafasi ya transfoma, ohm 330 kwa wati 30, ohm 670 kwa wati 15, na kuendelea. Fundi mwenye karatasi hiyo anaweza kujumlisha laini nzima kabla hajapanda ngazi, na kamati itakayokuja baada ya miaka mingi itajua nini cha kudai. Nafasi ya pili ni Ahuja ya India. Ni vifaa imara na spea zake zinapatikana kwa urahisi, ila yuniti, honi na transfoma mara nyingi hununuliwa kimoja kimoja, na hapo mnunuzi ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha uwiano unakubaliana na yuniti aliyochagua.

Nafasi ya tatu ni kutonunua transfoma kabisa. Kwa honi moja iliyo mita chache kutoka kwenye amplifaya yenye matundu ya ohm 16, waya mfupi hautapoteza kitu cha maana, na pesa hiyo ni bora uinunulie waya mnene. Ya nne ni transfoma inayosukwa na fundi wa mtaani, ambayo inaweza kuwa nzuri sana ikiwa ataonyesha kipimo cha uwiano mbele yako. Honi za bei ya chini zisizoandikwa ohm mahali popote naziweka mwisho, na sina zaidi la kusema juu yake.

Kuna jambo moja kuhusu uzito. Kadiri masafa ya sauti yanavyoshuka, ndivyo uga unavyokaa muda mrefu zaidi upande mmoja kabla ya kugeuka, na ndivyo chuma kinavyohitajika kiwe kingi zaidi ili kisijae. Chuma kikijaa, uga hauongezeki tena, na transfoma huanza kuwa kama ilivyo mbele ya betri: waya mtupu unaokula mkondo. Kwa hiyo kati ya transfoma mbili za wati 30, nyepesi sana ina chuma kichache na itazidiwa na besi ya ngoma au ya kinanda. Honi yenyewe haitoi besi ya maana, basi punguza kitufe cha besi kwenye amplifaya hadi chini. Hutapoteza sauti yoyote uliyokuwa ukiisikia.

Linaloniudhi katika biashara hii ni kwamba bei hupangwa kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi. Nimeonyeshwa honi mbili za chapa moja, moja imeandikwa wati 50 na ya pili wati 100, bei zikitofautiana sana, na ndani yake transfoma zilikuwa sawa kwa ukubwa, kwa nafasi na kwa uwiano. Mteja anayetaka kufungua kifuniko nyuma ya honi huambiwa kwamba akikigusa amenunua. Usikubali sharti hilo. Fungua kifuniko mbele ya muuzaji, soma ohm za yuniti, gawanya 10,000 kwa wati zilizoandikwa upate ohm zinazotakiwa kwenye laini, na mwambie aandike namba hizo mbili kwenye risiti. Ukinunua nne, jumla ya wati zake isizidi takriban asilimia 80 ya wati za amplifaya, kwa kuwa transfoma halisi, tofauti na ile kamilifu ya kwenye hesabu, nayo hula kidogo.