Programu ya kusoma menyu kwa picha: nyota tatu, na sababu zake

Nimeitumia programu hii kwa miezi kadhaa. Kazi yake ni rahisi kueleza: unapiga picha menyu ya mgahawa, unaituma bila kuandika neno lolote, nayo inakuletea jibu. Matangazo yake yanasema hakuna haja ya kuuliza, picha inatosha. Tatizo langu limelalia hapo hapo, kwa sababu picha ya menyu peke yake haisemi mtu anataka nini.

Mimi nina ugonjwa wa seliaki, yaani gluteni ya ngano, shayiri na rai inanidhuru utumbo hata ikiwa kidogo. Nikipiga picha menyu, ninachotaka ni kujua nisile nini. Dada yangu, ambaye mara nyingi tunakula pamoja, anatafuta kinachoendana na mfuko wake. Rafiki yetu hana mzio wala hesabu, anataka tu kuambiwa kizuri ni kipi. Watu watatu, meza moja, picha ile ile.

Kwa picha isiyo na maneno, programu hii huanza na mapendekezo. Inakupa vyakula vitatu juu ya skrini na maelezo mafupi ya kila kimoja. Kwa rafiki yetu hilo limekaa sawa, na nikiri kwamba mapendekezo yenyewe si mabaya: inajua kutenganisha vitangulizi na mlo mkuu, na haikurundikii vyakula vya aina moja. Vitufe vya "Bei" na "Lishe" vipo, ila vimejificha chini kabisa. Mwenye haraka hatashuka huko, ataagiza cha kwanza alichoonyeshwa.

Kuna dalili ndani ya picha ambazo zingeisaidia kukisia vizuri zaidi. Aliyetuma picha za menyu mbili za migahawa tofauti kwa mpigo huenda analinganisha bei. Aliyesogeza kamera karibu hadi mstari mmoja tu ukabaki ameshachagua chakula, anataka kujua kina nini. Aliyehangaika kuingiza maandishi madogo ya chini ya ukurasa, yale ya vizio, yaani viambato vinavyoleta mzio, hana shida ya kupendekezewa. Na ukurasa mzima, ulionyooka, bila kidole wala alama? Huo unaweza kuwa lolote kati ya hayo matatu. Programu hii huzipa picha zote hizo jibu la namna moja.

Sasa niwaeleze tukio lililonifanya niandike. Tulikuwa mgahawani, menyu yake haikuwa na alama ya fedha popote, namba tupu tu, kama migahawa mingi inavyopenda siku hizi. Mbele ya jina la kila chakula kulikuwa na tarakimu ndogo, na bei mwisho wa mstari. Supu ya uyoga iliandikwa "1,7", kisha mbali kidogo, "9". Dada yangu akabonyeza kitufe cha bei. Juu ya orodha, kama chakula cha bei nafuu kuliko vyote, ikatokea supu ya uyoga kwa 1.7.

Ile haikuwa bei. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inataka wauzaji wa chakula wataje vizio 14, na migahawa mingi huvitaja kwa namba. Wanaofuata mpangilio wa orodha ya sheria hiyo, 1 ni nafaka zenye gluteni na 7 ni maziwa. Supu ilikuwa imefanywa nzito kwa unga wa ngano na krimu. Kwa maneno mengine, ile namba iliyowekwa kunionya mimi, programu iliigeuza kuwa punguzo la bei kwa dada yangu. Koma ikasomwa kama nukta ya desimali, basi.

Msidhani pia kwamba namba hizo ni zile zile kila mahali. Wengine hutumia herufi, wengine wana mpangilio wao wenyewe. Maana halisi iko kwenye maelezo ya chini ya ukurasa au nyuma ya menyu, na picha isiyoyaonyesha haifai kwa kuchuja vizio, hata iwe angavu namna gani. Programu iliyotengenezwa na watu wanaojua kazi hii ingesema: naona namba za vizio, sioni maelezo yake, nipigie picha ukurasa huo. Hii hainyamazi wala haiombi, inakisia.

Hata upande wa bei, ambako ndiko inakofanya vizuri zaidi, ilipanga namba bila kuangalia zinapima nini. Siku hiyo minofu ya samaki ilikuwa 18. Samaki mzima wa kuchoma aliandikwa 6, na pembeni kwa maandishi madogo: kwa gramu 100. Kuku wa kuoka alikuwa 30, kwa watu wawili. Kati ya hivyo vitatu, programu ikamweka samaki mzima kuwa wa bei ya chini na kuku kuwa ghali kuliko wote. Ukipiga hesabu mambo yanageuka: samaki wa gramu 400 anafika 24, na kuku akigawanywa kila mmoja analipa 15. Dada yangu, ambaye hesabu hazimpiti, aliona haraka, tukaagiza kuku baada ya mimi kuuliza jikoni. Ila mlaji wa peke yake angelazimika kulipa 30 yote, kwa hiyo ulinganisho wa haki ungeanza kwa kujua mezani mko wangapi. Picha haisemi hilo.

Kuhusu kuchuja vyakula kwa ajili ya afya, hapa sina upole. Ukibonyeza "Lishe" na kuchagua "bila gluteni", programu inaondoa vyakula vyenye maneno kama mkate, tambi na keki, halafu vilivyobaki inavipaka rangi ya kijani. Viazi vya kukaanga vikapata kijani. Menyu haisemi kama vinakaangwa kwenye mafuta yale yale ya samaki aliyeviringishwa unga. Nyama yenye sosi ya soya nayo ikapata kijani, ilhali sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Kijani kilipaswa kumaanisha "sijaona ngano kwenye maandishi", lakini mwenye njaa anasoma "kula".

Na makosa haya hayalingani uzito. Rafiki yetu akipendekezewa vibaya, atakula chakula cha kawaida. Dada yangu atalipa zaidi kidogo. Mimi nitaumwa, na mwenye mzio mkali wa karanga anaweza kufa. Kwa hiyo picha ikija kimya, ningetaka programu isianze na chochote. Ionyeshe menyu ilivyoisoma, kila namba na kazi yake, kisha iweke vitufe vitatu juu kabisa: nipendekezee, linganisha bei, kuna nisichokula. Mguso mmoja tu. Aliyechagua cha tatu aulizwe ni kipi, akumbukwe hadi picha ijayo, na badala ya kijani apewe maswali ya kumpelekea mhudumu: mchuzi umefanywa mzito kwa kitu gani, mafuta ya kukaangia ni ya pamoja, nyama ililowekwa kwenye nini.

Kwa sasa naiachia dada yangu kwa ajili ya bei, na kila mstari anauangalia kwenye menyu yenyewe. Rafiki yetu anaifurahia kabisa. Upande wangu kile kitufe cha lishe sikigusi tena, namwita mhudumu.