Domeni na hostingi: kabla hujalipa, uliza jina limeandikwa kwa nani

Mama mdogo ana duka la vitenge Kariakoo. Mimi ndiye niliyemchagulia kifurushi cha tovuti chenye "domeni ya bure". Tovuti ikawa nzito, tukataka kuhama. Mafaili niliyatoa jioni moja tu, ila jina likagoma: lilisajiliwa kwa baruapepe ya muuzaji. Akanijibu, "Dada, hilo jina ni la kampuni, ukilitaka utalinunua." Na bango la dukani tayari limeandikwa jina hilo!

Hostingi ni fremu; ni nafasi kwenye seva ambako mafaili yako yanakaa. Domeni ni jina la tovuti yako; ni kama namba ya simu, unailipia kila mwaka. Ukihama fremu, namba unaondoka nayo, mradi laini imesajiliwa kwako. Viwili hivi vinaunganishwa na mistari michache tu iitwayo `Nameservers`, ambayo unaibadilisha kwenye akaunti ya domeni.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita: domeni kwa msajili, yaani kampuni inayosajili majina, hostingi kwingine. Kwa .com mimi ni wa Porkbun. Kuficha taarifa zako hawatozi, na bei ya mwaka wa pili wanaionyesha mapema. Kwa .co.tz tafuta msajili aliyeidhinishwa, na ufungue akaunti kwa baruapepe yako mwenyewe, isiwe ile ya domeni hiyohiyo, maana siku ikizimika hutapata hata ujumbe wa kubadili nywila. Hostingi ikikuudhi, pandisha nakala yako kwenye seva mpya, ijaribu, ndipo ubadilishe `Nameservers`. Mabadiliko huchukua saa chache, pengine hadi 48, kwa hiyo seva ya zamani usiifunge mapema. Nakili pia rekodi za `MX`, zile zinazoelekeza baruapepe. Ukizisahau, tovuti itafunguka lakini baruapepe za wateja hazitafika.

La pili: vyote kwa muuzaji mmoja, akaunti ikiwa yako. Inafaa kwa asiyetaka kuhangaika. Kabla ya kulipa muulize kama utaweza kuchukua `EPP Code` mwenyewe, ile nywila ya kuhamishia domeni. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Kwa .com iliyosajiliwa karibuni, kumbuka kwa kawaida haihamishiki kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo.

Vifurushi vya "bure" naviweka mwisho.

Kama tayari unayo .co.tz, ikague leo kwa amri hii kwenye terminal:

```
whois mfano.co.tz
```

Weka jina la domeni yako badala ya mfano, kisha angalia mstari wa `registrant`; ukiwa na msimbo tu, tafuta chini yake `contact` yenye msimbo huohuo usome jina. Ukiona jina la fundi wako, mwombe abadilishe sasa, mkiwa bado mnaelewana. Kinachoniuma ni kwamba risiti ya mama mdogo imeandikwa "domeni na hostingi", hela ilipokelewa, na jina bado si lake. Tumesajili jingine, na bango linachorwa upya.