Programu ya kuhesabu kalori na mizani ya jikoni: uzoefu wangu, na kwa nini namba zake ni makadirio

Nimekuwa nikitumia kwa muda mrefu programu ya simu ya kuhesabu kalori, sambamba na mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni inayopima hadi kilo tano. Ikibidi kutoa nyota, mizani naipa tano na programu naipa tatu. Mizani hufanya kazi moja tu na huifanya vizuri: inasema uzito wa kilichowekwa juu yake. Programu nayo hutoa namba yenye sura ya uhakika, kwa mfano kalori 433, ilhali namba hiyo imepita mikononi mwa makadirio matatu au manne kabla ya kufika kwenye kioo cha simu. Anayeijua njia hiyo ataitumia programu kwa faida. Asiyeijua atababaika na tofauti za kalori kumi au ishirini ambazo kwa kweli hazipo.

Nianze na lebo, kwa kuwa programu nyingi huchukua namba zake huko. Kopo la siagi ya karanga lililomo kabatini kwangu linaonyesha kwamba gramu 100 zina protini gramu 25, mafuta gramu 50 na wanga gramu 20, na kwamba jumla ni kalori 630. Zidisha protini kwa 4, mafuta kwa 9 na wanga kwa 4, utapata 100, 450 na 80, yaani 630 kamili. Namba inapokubaliana hivyo na hesabu ya vigawo vitatu, maana yake ni kwamba imepatikana kwa kuzidisha, si kwa kuangalia mwili wa mtu umepata nini baada ya kula.

Vigawo hivyo vya 4, 9 na 4 vina zaidi ya miaka mia moja. Vilitokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, aliyefanya utafiti wake katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut, mwishoni mwa karne ya 19. Alichoma vyakula ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa na kupima joto lililotoka, kisha akakadiria kiasi kinachopotea kwenye kinyesi na mkojo na kukitoa. Protini, kwa mfano, ikichomwa hutoa zaidi ya kalori 5 kwa gramu, lakini mwili hauiunguzi hadi mwisho kama moto ufanyavyo, kwa sababu sehemu ya nishati yake hutoka katika urea ya mkojo. Ndiyo maana imeshushwa hadi 4. Ilikuwa kazi makini, na kwa mlo mchanganyiko wa kawaida bado vigawo hivyo haviko mbali na ukweli. Shida huanza vinapowekwa juu ya chakula kimoja kimoja, kana kwamba gramu ya mafuta iliyo ndani ya punje nzima ni sawa na gramu ya mafuta iliyo kwenye chupa. Isitoshe, sheria zenyewe huacha nafasi: nchini Marekani, bidhaa huhesabiwa kuwa imekiuka kanuni pale kalori zake halisi zinapozidi zile za lebo kwa zaidi ya asilimia 20. Biskuti zilizoandikwa kalori 200 zinaweza kuwa na 235 na bado zikawa halali dukani.

Karanga ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Ndani ya punje, mafuta hayajamwagika ovyo. Yamefungiwa ndani ya seli ndogo mno, na kila seli ina ukuta wa nyuzinyuzi ambao vimeng'enya vya tumbo la binadamu haviwezi kuuvunja. Meno hupasua baadhi ya seli, lakini vipande vingi humezwa seli zake za ndani zikiwa bado nzima, na mafuta yaliyomo hupita utumbo mwembamba bila kuguswa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1980 uliwalisha watu karanga nzima, siagi ya karanga na mafuta ya karanga kwa nyakati tofauti, kisha ukapima mafuta yaliyotoka kwenye kinyesi. Walipokula karanga nzima, takriban asilimia 18 ya mafuta waliyokula yalitoka nje; kwa siagi ya karanga ilikuwa asilimia 7, na kwa mafuta yenyewe chini ya asilimia 5. Chanzo ni kile kile cha shambani, ila kinu kimefanya kazi ambayo meno hayakuifanya.

Kwa lozi, tofauti ilipimwa kwa ukamilifu zaidi na watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani. Mwaka 2012 waliripoti kwamba gramu 28 za lozi, ambazo kwa hesabu ya vigawo zina kalori kama 170, ziliupa mwili wa mlaji kalori 129 tu. Miaka minne baadaye walilinganisha lozi mbichi, za kukaanga, zilizokatwakatwa na zilizosagwa kuwa siagi. Mbichi nzima zilitoa nishati ndogo kuliko zote, za kukaanga zilizidi kidogo, na siagi ikalingana na hesabu ya lebo. Kukaanga huifanya punje iwe kavu na yenye kuvunjika upesi, hivyo ikitafunwa hutoa vipande vidogo zaidi na seli nyingi zaidi hupasuka.

Programu yangu haina habari na lolote kati ya haya. Nikiandika gramu 30 za karanga nzima au gramu 30 za siagi ya karanga isiyoongezwa kitu, inanipa karibu namba ile ile. Karanga za kuchemsha inaziweka chini zaidi, na hapo iko sahihi, ingawa sababu yenyewe si mmeng'enyo: punje imenywa maji, kwa hiyo gramu 100 zina kalori kama 320 badala ya 570 za karanga kavu. Anayenunua kikaratasi cha karanga za kuchemsha barabarani analipia maji kwa sehemu nzuri tu, jambo ambalo si baya kwa mtu anayepunguza uzito.

Moto nao una kazi yake ya pekee, mbali na kulainisha. Protini mbichi imejikunja kwa namna ambayo vimeng'enya hupata shida kuifikia, na joto huikunjua. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 kiasi cha protini ya yai kinachomeng'enywa kabla ya kufika utumbo mpana, na wakapata takriban asilimia 91 kwa yai lililopikwa na asilimia 51 tu kwa yai bichi. Wale wanaokunywa mayai mabichi baada ya mazoezi ili kujenga misuli wanaweza kuitafakari namba hiyo wenyewe. Kwenye lebo ya trei, yai ni lile lile kabla na baada ya kupikwa.

Kwa chakula chetu cha kila siku, hata hivyo, kosa kubwa zaidi halitoki tumboni. Linatoka kwenye sufuria, na hapa ndipo mizani ilipojipatia nyota zake. Chukua wali wa familia. Napima mchele mkavu gramu 500, na lebo inasema kalori 350 kwa gramu 100, kwa hiyo ni 1,750. Naongeza mafuta gramu 30, ambayo ni 270. Maji na chumvi havina kitu. Sufuria nzima ina kalori 2,020. Wali ukishaiva naipima sufuria ikiwa na wali ndani, natoa uzito wa sufuria tupu ambao nimeuandika pembeni ya kabati, napata gramu 1,400. Gawanya: gramu 100 za wali huu zina kalori 144, na sahani ya gramu 300 ina takriban 433. Programu ikiachiwa ichague yenyewe hunipa "wali" wa kalori 130, yaani uliopikwa bila mafuta, na sahani inakuwa 390. Lakini orodha hiyo hiyo ina "mchele" wa kalori 350, na anayegusa jina hilo huku akipima wali ulioiva atajiandikia kalori 1,050 kwa sahani moja. Maharage yana mtego huo huo, kwa kuwa makavu yana kama 340 na yaliyochemshwa kama 130. Ukoko, kwa wanaoupenda, umepoteza maji na umekusanya mafuta ya chini, kwa hiyo gramu zake ni nzito kwa nishati kuliko za wali wa juu. Sijawahi kuona programu yenye ukoko.

Vya kukaanga nimevipatia utaratibu wa kupima mafuta kabla na baada. Kama kikaango kilianza na mafuta gramu 500 na baada ya kukaanga maandazi 18 yamebaki gramu 440, basi 60 zimeondoka, sawa na kalori 540, au 30 kwa kila andazi juu ya zile za unga na sukari. Baadhi ya mafuta yamerukia jiko na mengine yamebaki kwenye karatasi, hivyo 30 ni kikomo cha juu.

Kuna dai linalorudi mara kwa mara mitandaoni kwamba wali uliolala kwenye jokofu hupoteza nusu ya kalori zake. Msingi wake ni wa kweli: wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya, na sehemu yake huwa ngumu kumeng'enywa, ikafika utumbo mpana ambako bakteria huichachusha na kuupa mwili kalori kama 2 kwa gramu badala ya 4. Kiasi chake ndicho kinachosahaulika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipata gramu 0.64 za wanga wa aina hiyo katika gramu 100 za wali wa moto, na gramu 1.65 katika wali uliokaa saa 24 kwenye nyuzi 4 kisha ukapashwa moto. Tofauti ni gramu moja, yaani punguzo la kalori 2 hivi kati ya 130. Kiporo changu nakiandika kama wali wa jana yake, bila kukata chochote.

Kwa anayefikiria kuipakua programu ya namna hii, ushauri wangu wa matumizi ni kuanzia upande wa mapishi badala ya kutafuta majina. Sehemu ya kuunda pishi lako mwenyewe ipo hata katika toleo la bure la programu ninayoitumia: unaingiza viungo vibichi kwa uzito, unaingiza uzito wa chungu kilichoiva, inagawanya yenyewe. Namba za msingi za vyakula vya kwetu nazichukua kwenye majedwali ya lishe ya Tanzania ya mwaka 2008 au ya Kenya ya mwaka 2018, kwa sababu ugali ulioandikwa na watumiaji wa programu una namba nyingi zinazopingana, kila mmoja kwa kipimo chake cha maji. Kabla ya kukubali chochote kilichoingizwa na mtu mwingine, nazidisha protini, mafuta na wanga kwa 4, 9 na 4. Jumla ikiachana sana na kalori zilizoandikwa, na chakula hakina pombe wala nyuzinyuzi nyingi, nakiruka. Toleo la kulipia huongeza michoro na kuonyesha kalori hadi desimali moja, nami sijaona sababu ya kulinunua.